Slo-pichi au fasti-pichi? Ulinganisho kwa timu inayoanza softiboli Dar

Kila kundi jipya linalotaka kuanza softiboli hapa Dar, wawe wafanyakazi wa ofisi za Posta wanaotafuta mchezo wa Jumamosi au wasichana wa sekondari walioona wenzao wakicheza pale uwanja wa besiboli wa Azania, wanakwama sehemu ile ile: tucheze slo-pichi au fasti-pichi? Mtu anaangalia video mbili kwenye simu, anaona besi ni zile zile, glavu zile zile, mpira mkubwa ule ule unaorushwa kwa chini, anahitimisha kwamba tofauti ni spidi basi. Wanachanga hela, wananunua vifaa, af uwanjani ndo wanakuta fimbo waliyonunua haifai kwa mchezo walioamua kucheza na nusu ya timu wanakimbia besi kwa sheria za mchezo mwingine.

Kwahiyo hapa nalinganisha kwa vitu vitatu, na kila mchezo unapimwa kwa vitu hivyohivyo. Cha kwanza ni kimo cha mpira, yaani unaruhusiwa kupanda hadi wapi kabla haujafika kwa mpigaji. Cha pili ni mipaka ya fimbo. Cha tatu ni sheria za kukimbia besi. Baada ya hapo tutaangalia nani anafaa wapi. Nimeanza na kimo kwa makusudi, mana hicho ndo baba wa mengine yote, ukikielewa vizuri utaona kwanini fimbo ziko tofauti na kwanini mkimbiaji wa slo-pichi anakaa amekanyaga besi wakati mwenzake wa fasti-pichi ameshaondoka. Namba nyingi nitakazotaja ni za USA Softball, shirika la softiboli la Marekani, kwasababu stempu yao utakutana nayo kwenye fimbo nyingi, na pale ligi zinapotofautiana nitasema.

Kimo cha mpira: slo-pichi

Kwenye slo-pichi mpira lazima upande halafu ushuke. Sheria ya USA Softball inasema upite angalau futi 6 kutoka ardhini na usizidi futi 10. Kuna ligi zinaruhusu mpaka futi 12, kwahiyo hilo uliza kabla. Futi 6 ni mita 1.83, kimo cha mtu mrefu amesimama wima. Futi 10 ni mita 3.05, na hapo una kipimo cha bure mtaani kwako, mana ndo urefu wa ringi ya goli la kikapu. Simama na pitcha wako, yaani mrushaji, jirani na goli la kikapu mkiwa mnafanya mazoezi, jicho litazoea haraka sana mpira unatakiwa upite wapi.

Pitcha anasimama futi 50 kutoka pleti, lile bamba la chini anaposimama mpigaji, kama mita 15 na kidogo. Sasa fanya hesabu ya kawaida ya fizikia, achana na upepo kwanza. Tuseme mpira unatoka mkononi kwenye kimo cha futi 3 na unasafiri mita 14 na nusu hivi mpaka kwenye pleti. Ukiupandisha mpaka futi 10 utakaa hewani sekunde 1.3, spidi yake ya kwenda mbele ni kama kilomita 39 kwa saa, na unamfikia mpigaji ukiwa unashuka kwa mteremko wa nyuzi 32 hivi. Ukiupandisha futi 6 tu, unakaa hewani sekunde 0.9, unakwenda kilomita 58 kwa saa, na mteremko ni nyuzi 16. Hizo ni pichi mbili tofauti kabisa na zote ni halali! Ndo mana nasisitiza kwa watu kwamba pitcha wa slo-pichi ana kazi ya kweli, anacheza na nafasi ya futi 4 hewani, mara anakupa wa juu unaodondoka mbele yako kwa mteremko mkali, mara anakupa bapa unaowahi kuliko ulivyotegemea, na mpigaji anayepiga kwa hasira anapiga juu ya mpira au chini yake.

Kosa la wanaoanza ni kurusha bapa mno, chini ya futi 6, kwasababu mkono wenyewe unataka kulenga moja kwa moja. Ampaya anatangaza pichi haramu palepale mpira ukiwa hewani. Mpigaji akiuacha unahesabiwa boli, yaani pichi mbaya, na nne za hivo mpigaji anatembea besi ya kwanza bure. Ila akiamua kuupiga, mchezo unaendelea kama kawaida, uharamu umeisha. Wapigaji wengi wapya hawajui hili, wanasikia sauti ya ampaya wanashusha fimbo hata kama mpira umekuja mzuri kifuani.

Kitu cha hapa kwetu ni upepo. Mechi za alasiri kwenye viwanja vya karibu na bahari, msimu wa kusi, mpira unaopanda futi 10 unasukumwa waziwazi. Ukipichi kuelekea upepo mpira wako wa juu unafia mbele ya pleti, na ukigusa ardhi au pleti umekufa, ni boli, isipokuwa kwenye ligi zinazotumia mkeka nyuma ya pleti ambapo mpira ukitua kwenye mkeka ni straiki, yaani pichi nzuri. Siku ya upepo pitcha mwenye akili anashusha kimo mpaka futi 7 au 8 na anakaa hapo.

Kimo cha mpira: fasti-pichi

Hapa hakuna kimo cha chini wala cha juu. Mpira unatoka kwenye nyonga na unakwenda karibu bapa. Pitcha wa kike anasimama futi 43 kutoka pleti, mita 13.1, wa kiume futi 46, mita 14. Kwa wanawake wa kiwango cha juu spidi ya kilomita 105 kwa saa ni jambo la kawaida, na kwakuwa pitcha anapiga hatua ndefu mbele, mpira unaachiwa kama mita 11 tu kutoka kwa mpigaji. Hapo mpigaji ana takriban sekunde 0.4. Linganisha na ile sekunde 1.3. Ndani ya hiyo 0.4 anatakiwa auone, aamue, azungushe fimbo, na pitcha bado ana mpira unaozama, mpira wa kuchelewa unaokuja kwa mkono uleule wa haraka, na ule unaokataa kushuka.

Urushaji wenyewe ni mkono kuzunguka duara zima. Ukimwangalia mwanafunzi kwa karibu utaona siri iko kwenye kitu kidogo sana: kiganja kinapita jirani kabisa na nyonga, mkono wa mbele unagusa paja kidogo, na mpira unaachiwa palepale. Akiachia mapema mpira unajikita ardhini mita chache mbele yake, akichelewa unapaa juu ya kichwa cha ketcha, mdakaji wa nyuma ya pleti. Kwahiyo kama wewe ni kocha huna haja ya kubahatisha, mpira wenyewe unakwambia kosa liko wapi. Mipira ya chini mfululizo, mwambie ashikilie kidogo. Ya juu mfululizo, anashikilia mno.

Gharama ya kuchagua fasti-pichi iko hapa hapa. Bila pitcha anayeweza kuweka straiki, hakuna mechi. Boli nne, mtu anatembea, boli nne, mwingine anatembea, wadakaji wamesimama jua la saa nane wanaangalia. Timu inahitaji pitcha wawili kwa uchache, na hawapatikani kwa mazoezi ya wikendi mbili. Slo-pichi karibu kila mtu anaweza kupichi mechi ya kwanza ikaenda mpaka mwisho.

Fimbo: zinazofanana

Kwenye karatasi mipaka ni ile ile kwa michezo yote miwili: urefu usizidi inchi 34, uzito usizidi aunsi 38, unene wa sehemu ya kupigia usizidi inchi 2.25, yaani sentimita 5.7. Huo unene wa mwisho ndo unaoliza watu hapa mjini. Fimbo inayopatikana kirahisi kwenye mitumba ni ya besiboli, na fimbo za besiboli za watu wazima zinafika inchi 2.6 hivi. Ukiitazama kwa macho huoni tofauti. Beba tepu ya fundi cherehani, izungushe kwenye sehemu nene kuliko zote. Ya softiboli inatakiwa ikupe sentimita 18 au pungufu. Ikisoma karibu 21, hiyo ni ya besiboli, irudishe ulipoitoa hata kama bei ni tamu. Ampaya mwenye vifaa vyake anapitisha ringi ya chuma kwenye fimbo, isipopita haichezwi.

Kingine kinachofanana ni kikomo cha nguvu. Tangu 2004 fimbo inayopewa stempu ya USA Softball, wakati huo likiitwa ASA, inapimwa maabara ili mpira usiruke kwa zaidi ya maili 98 kwa saa, kama kilomita 158. USSSA, shirika lingine la Marekani, wana stempu yao na kipimo chao, na fimbo yenye stempu ya USSSA peke yake haikubaliki kwenye mashindano ya USA Softball. Kwahiyo unaponunua usisome jina la kampuni tu, geuza fimbo utafute stempu pale karibu na shingo.

Fimbo: slo-pichi

Kwa kuwa mpira unakuja taratibu, nguvu yote ya kuurudisha inatoka kwa mpigaji. Ndo mana fimbo za slo-pichi ni nzito, inchi 34 na aunsi 26 mpaka 28 ni kawaida, kama gramu 740 mpaka 800, na nyingi zina uzito umesogezwa kwenye ncha ili zikizunguka zipige kwa nguvu. Muda wa kuzungusha kitu kizito unao, karibu sekunde nzima au zaidi.

Lakini fikiria upande wa pili, na hapa ndo naomba usome taratibu. Pitcha ameshaachia mpira, amesimama mita 14 na nusu hivi, hana kinga yoyote usoni, na mpigaji mwenye miguvu amepata sekunde ya kujipanga. Mpira ukitoka kwenye fimbo kwa ule ukomo wa maili 98 unamfikia pitcha ndani ya theluthi moja ya sekunde. Yaani pitcha wa slo-pichi ana muda mfupi kuliko mpigaji wa fasti-pichi! Watu wanaita slo-pichi mchezo laini halafu wanamwacha pitcha anasimama pale bila barakoa. Kikomo cha fimbo kimewekwa kwa ajili ya huyo mtu. Kuna wanaochonga fimbo kwa ndani ukuta uwe mwembamba, au wanaibana kwenye mashine ilegee iwe na msukumo zaidi, na adhabu yake ni kali, mpigaji ni auti, anatolewa mchezoni, na wakimbiaji wanarudishwa. Naunga mkono adhabu hiyo kwa asilimia zote.

Mpira nao una mchango. Soma maandishi yake: mpira wa slo-pichi wa USA Softball huandikwa `.52` na `300`, wa fasti-pichi `.47` na `375`. Namba ya kwanza ni jinsi unavyodunda, ya pili ni ugumu wa kuubonyeza. Wa slo-pichi ni laini zaidi ila unadunda zaidi. Na joto linaulainisha, kwahiyo mipira iliyoshinda kwenye buti la gari Dar mwezi wa pili haitaenda mbali kama ile iliyokaa kivulini. Hiyo haina madhara, ila msilaumu fimbo.

Fimbo: fasti-pichi

Hapa mpigaji hana muda, kwahiyo anataka fimbo nyepesi anayoweza kuiwahisha. Utakuta zimeandikwa namba kama `-10`. Maana yake toa 10 kwenye urefu wa inchi upate uzito wa aunsi: fimbo ya inchi 33 yenye `-10` ina aunsi 23, kama gramu 650. Msichana wa sekondari anayeanza, mpe nyepesi zaidi, `-11` au `-12`, kuliko kumpa nzito eti ndo itampeleka mpira mbali. Mpira unakuja na spidi yake, kazi yake ni kuugusa katikati.

Je fimbo moja inaweza kutumika pande zote mbili? Ya fasti-pichi ukicheza nayo slo-pichi inavumilika, utaona tu mipira haifiki mbali mana ni nyepesi. Kinyume chake usifanye. Fimbo ya slo-pichi ya kisasa imejengwa kupokea mpira wa taratibu, ukiipigia mpira wa kilomita 90 au 100 kwa saa ukuta wake unachanika. Dalili ziko wazi ukizijua: ukiitikisa unasikia kitu kinacheza ndani, sauti ya kupiga inabadilika inakuwa kama imeziba, na ukipitisha kucha pembeni ya sehemu ya kupigia unahisi mstari. Ikifika hapo ni ya kutupa, hata kama jana ilikuwa inapiga mbali kuliko zote. Hasa kama jana ilikuwa inapiga mbali kuliko zote, kwasababu fimbo iliyoanza kuchanika huwa inasukuma zaidi kabla haijavunjika, na hapo ndo imeshapita kikomo.

Kukimbia besi

Hapa nachukua mfano mmoja niutembeze kwenye michezo yote miwili. Neema yuko besi ya kwanza, hakuna auti, mpigaji anasubiri.

Tuanze na slo-pichi. Neema anakanyaga besi na hatoki. Haruhusiwi kutoka mpaka mpira upigwe, au uguse ardhi, au ufike ukingo wa mbele wa pleti. Mguu ukinyanyuka kabla, ampaya anasimamisha mchezo na Neema ni auti, hata kama hakwenda popote. Mpigaji akiuacha mpira, kwenye ligi nyingi Neema anarudi besini na tunaanza upya, hakuna kuiba. Zipo ligi zinazoruhusu kuiba besi kwenye slo-pichi, ila hata huko anaanza kukimbia mpira ukifika kwenye pleti, siyo ukitoka mkononi.

Kwanini amefungwa hivo? Rudi kwenye kimo. Umbali wa besi slo-pichi mara nyingi ni futi 65, mita 19.8, na mkimbiaji mzuri anaumaliza kwa sekunde 3 na nukta tatu hivi. Angeruhusiwa kutoka mpira unapoachiwa, mpira wenyewe unakula sekunde 1.3 hewani, halafu ketcha anahitaji sekunde 2 na zaidi kuudaka, kuandaa mkono na kuutupa mita 28 mpaka besi ya pili. Jumla 3.4. Neema ameshafika, anapangusa vumbi. Kila mkimbiaji angeiba kila besi na mchezo ungepoteza maana. Kwahiyo sheria hiyo siyo ya kuwaonea huruma wachezaji wazee kama wengi wanavyodhani, ni hesabu.

Sasa mhamishie Neema fasti-pichi. Besi ziko futi 60, mita 18.3. Anaruhusiwa kutoka sekunde ileile mpira unapotoka mkononi mwa pitcha. Akiwahi hata kidogo, mpira umekufa, pichi haihesabiwi, yeye auti. Kwahiyo macho yake yako kwenye nyonga ya pitcha, siyo kwenye mpira. Mpira unafika kwa ketcha ndani ya sekunde 0.4, ketcha mzuri anatumia kama sekunde 2 kuufikisha besi ya pili, umbali wa mita 26, jumla 2.4 na bado mdakaji inabidi amguse. Neema anahitaji kama sekunde 3. Ukihesabu hivo unasema atakuwa auti kila mara, lakini hesabu hiyo inataka pichi iwe nzuri kwa ketcha na mtupo utue sentimita chache juu ya besi. Pichi iliyozama mchangani au mtupo wa pembeni unampa Neema nusu sekunde, na nusu sekunde ni mita 3 na zaidi. Ndo utamu wa fasti-pichi uko hapo, kwenye hiyo nusu sekunde.

Sheria inayowapoteza wanaoanza fasti-pichi ni ya duara la pitcha. Kuna duara la nusu kipenyo futi 8, mita 2.44, kuzunguka alama ya pitcha. Pitcha akishakuwa na mpira mkononi ndani ya duara na hafanyi dalili ya kumtupia mtu, Neema aliyesogea kutoka besi anatakiwa aamue mara moja, aende mbele au arudi. Kusimama katikati akichezacheza mabega kumchokoza pitcha ni auti. Nimeona mkimbiaji amerudi nusu, akasita, akaanza kwenda tena, ampaya akanyoosha ngumi na benchi zima likaruka kulalamika kwasababu hakuna aliyemgusa. Hahitaji kuguswa. Wafundisheni wakimbiaji kauli moja: mpira uko duarani, chagua.

Mengine nayapitia haraka. Fasti-pichi inaruhusu banti, yaani kuugusa mpira taratibu ufie mbele ya pleti, wakati slo-pichi ukifanya hivo ni auti. Fasti-pichi ketcha akidondosha straiki ya tatu, mpigaji anaweza kukimbia kama besi ya kwanza iko wazi au kuna auti mbili tayari. Slo-pichi straiki ya tatu imeisha hapo. Slo-pichi ukiwa na straiki mbili ukapiga mpira nje ya mstari, kwa sheria ya kawaida ni auti, fasti-pichi unaendelea. Fasti-pichi ukigongwa na pichi unapewa besi, slo-pichi hupewi kitu. Na slo-pichi mnakuwa wadakaji kumi uwanjani, fasti-pichi tisa.

Nani anafaa wapi

Slo-pichi inawafaa watu wanaotaka mpira upigwe na udakwe. Karibu kila mpigaji anaugusa, kwahiyo wadakaji wote kumi wana kazi, na mchezaji wa miaka 45 mwenye jicho zuri anaweza kuwa tishio kuliko kijana mwenye mbio. Udhaifu wake ni kwamba mkimbiaji hodari hana pa kuonyesha mbio zake kati ya pichi na pichi, na mpigaji mwenye nguvu asipodhibitiwa kwa fimbo halali anakuwa hatari kwa pitcha.

Fasti-pichi inawafaa wenye muda wa mazoezi katikati ya wiki, wanaopenda mbinu, kuiba, banti, ishara za kocha. Mchezaji mdogo wa umbo mwenye miguu myepesi ana thamani kubwa sana huku. Udhaifu wake ni kwamba mechi nzima iko mikononi mwa watu wawili, pitcha na ketcha, na siku pitcha mmoja akiugua malaria timu haina mchezo. Vifaa pia vinapanda: ketcha anahitaji barakoa, kinga ya kifua na ya miguu, na wapigaji wote helmeti zenye kinga ya uso.

Ukiwa kwenye hali hii, fanya hivi

Kama ni timu ya ofisi, wanaume kwa wanawake, mnakutana mara moja kwa wiki, anzeni slo-pichi. Hela ya kwanza kabisa nunueni barakoa ya pitcha, fimbo ya pili itasubiri.

Kama ni shule na lengo ni wasichana wafike mashindano ya kimataifa, nendeni fasti-pichi moja kwa moja, kwasababu softiboli ya Olimpiki ni hiyo, tangu ilipoingia 1996 mpaka itakaporudi 2028. Chagua wasichana wanne wa kupichi, siyo wawili, uwape wiki kadhaa za kurusha ukutani kabla hujaita mechi.

Kama ni shule ila huna pitcha hata mmoja na wanafunzi wanataka kucheza wiki hii, chezeni slo-pichi kwenye mechi huku wanaojifunza kupichi wanafanya kazi yao pembeni. Kudaka, kutupa na kupanga miguu kwenye besi vinahamia vyote. Kisichohamia ni tabia ya kukimbia: mtu aliyezoea kukaa besini mpaka mpira ufike atachelewa kuiba, kwahiyo zoezi la kutoka besi pitcha anapoachia lifanyike tangu mwanzo, hata bila mechi.

Kama mna hela ya fimbo mbili tu na hamjaamua, nunueni za fasti-pichi, mana zinavumilia pande zote.

Na kama mnaalikana timu mbili ambazo hazijawahi kukutana, kabla ya pichi ya kwanza manahodha na ampaya wakubaliane kwa maandishi: kimo cha juu ni futi 10 au 12, stempu zipi zinakubalika, kuiba kupo au hakupo, na mpira wa nje ukiwa na straiki mbili ni auti au siyo. Halafu fimbo zote zilazwe chini pembeni ya pleti, tepu ya fundi cherehani ipite moja baada ya nyingine, isiyofaa ipelekwe kwenye gari.